Kondomu ilipasuka Jumamosi usiku, leo ni Jumatatu mchana. Nimebakiwa na muda gani?

NyotaYaMoro (Jumatatu 17 Novemba 2025, saa 6:40 mchana)

Habari zenu wakuu. Naomba msinitukane, nina hali mbaya tangu jana.

Nina miaka 24, nipo Morogoro, nauza kwenye duka la steshenari. Jumamosi usiku nilikuwa na kaka mmoja ambaye tumefahamiana kama mwezi na nusu. Tulitumia kondomu. Mwishoni alipojitoa tukaona imepasuka, imebaki ule mviringo wa juu tu. Ilikuwa kama saa 5:30 usiku, nakumbuka kwa sababu niliangalia simu. Yeye akasema nisiwe na wasiwasi, alipima mwezi wa nne na alikuwa mzima.

Mwezi wa nne hadi leo ni mingi. Na sijui tangu hapo amekuwa na nani.

Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 4 mwezi huu, na huwa naenda siku 28, mara chache 29. Nikihesabu, Jumamosi ilikuwa siku ya 12. Kwa hiyo naogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, mimba na ngoma. Jana nimeshinda ndani nalia na kujiosha kwa maji ya chumvi na limao mpaka panawaka. Sijanywa dawa yoyote.

Nimesikia kuna P2 ya kuzuia mimba na kuna PEP ya kuzuia VVU, na zote zina masaa. Nianze na ipi? Nikianza moja naharibu nyingine?

---

KijanaWaKihonda (saa 6:52 mchana)

Pole dada. Kanunue P2 sasa hivi famasi, hiyo haihitaji cheti. Hilo la mimba litaisha.

Kuhusu PEP usijisumbue, ile wanapewa waliobakwa na manesi waliochomwa na sindano. Wewe nenda kapime leo leo. Ukikutwa huna, tulia, maisha yaendelee. Na jamaa naye apime, akiwa mzima mmemaliza.

---

TabibuWaZamu (saa 7:05 mchana)

NyotaYaMoro, mdogo wangu, soma hii huku unavaa viatu. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya chenye CTC, yaani kliniki ya VVU, nimeanza kazi hii miaka kumi na moja iliyopita.

Tangu Jumamosi saa 5:30 usiku hadi unapoandika zimepita saa 37 na dakika kumi. PEP huanzishwa ndani ya saa 72, kwako ni kesho Jumanne saa 5:30 usiku. Lakini usiipange kesho. CTC nyingi zinafunga alasiri, kwa hiyo kwenye saa zako 35 zilizobaki, zile ambazo kweli kuna mtu wa kukuhudumia ni chache sana. Halafu 72 ni ukomo tu. Saa 40 ni bora kuliko saa 60, na saa 2 ingekuwa bora kuliko zote.

Dawa hizi hazigombani. Pitia famasi njiani, nunua P2 uinywe hapo hapo, kisha nenda hospitali. Kama pakiti ina vidonge viwili, meza vyote viwili kwa mpigo. Karatasi za zamani zinasema kimoja sasa na kingine baada ya saa 12, watu wanasahau cha pili. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, unarudia dozi.

Kijana wangu wa Kihonda, umesema mambo mawili ambayo yanaweza kumgharimu huyu binti. PEP si ya waliobakwa na wahudumu wa afya peke yao, ni ya mtu yeyote aliyekutana na hatari ya kweli ndani ya muda. Na kipimo cha leo hakiwezi kusema lolote kuhusu Jumamosi. Kinachosomwa na kipimo cha haraka ni kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya wiki kadhaa. Leo atapimwa, ni lazima apimwe, lakini ni kwa ajili ya kujua kama alikuwa nayo kabla. Akiwa hasi, ndipo anapewa dawa. Wewe unamwambia akiwa hasi atulie, wakati hasi ndiyo tiketi yake ya kuanza.

Kipimo cha jamaa kinasaidia. Akipima leo na kukutwa nayo tunajua tulichosimama nacho. Akikutwa hana, bado inabidi kumuuliza miezi mitatu iliyopita ilikuwaje. Lakini hakuna kumsubiri. Dawa inaanza, habari zake zitakuja zikiwa zinakuja.

Na acha limao. Ule mwasho ni ngozi laini imechubuka, na ngozi iliyochubuka ndiyo mlango.

---

MamaWawili (saa 7:20 mchana)

Mimi P2 siiamini kabisa. Mwaka juzi nilikunywa asubuhi yake, hata saa 10 hazijafika, na mimba ikaingia. Mtoto yupo hapa anacheza. Nadhani famasi zetu zimejaa feki.

---

NyotaYaMoro (saa 8:20 mchana)

P2 nimeshakunywa, nilimeza saa 7:35 pale famasi, kaka wa dukani amenipa maji.

Niko hospitali. Pale mapokezi nimesema nataka PEP, dada aliyekaa pale akauliza kwa sauti "umebakwa?" Watu wote wakageuka. Nikasema hapana. Akasema basi PEP ni ya waliobakwa, na ukiwa umebakwa unaleta PF3 kutoka polisi. Nimetoka nje, nimekaa chini ya mti. Natetemeka. Nafikiria nirudi nyumbani tu.

---

TabibuWaZamu (saa 8:24 mchana)

Usirudi nyumbani. Mtu wa mapokezi si mtoa dawa.

Usiende tena dirisha lile. Uliza mlinzi CTC iko wapi, ingia moja kwa moja, muombe nesi au tabibu muongee pembeni. Mwambie hivi: "Jumamosi saa 5:30 usiku nilipata hatari ya kuambukizwa VVU, kondomu ilipasuka, mwenzangu sijui hali yake, niko saa ya 39, naomba kuanzishiwa PEP." Ukitaja saa, mhudumu aliyefundishwa anaelewa mara moja kwamba hana nafasi ya kukuambia njoo kesho. Akikataa, omba kuonana na mfawidhi wa kitengo.

Na usiseme umebakwa ili upewe. Najua wapo wanaoshauri hivyo. Itafunguliwa safari ya polisi na fomu, muda utapotea huko, na huyo kaka ataingia kwenye kesi isiyokuwepo.

---

DadaWaPwani (saa 8:31 mchana)

Naongezea hapo kwa PF3, maana mimi lilinikuta lile lenyewe. Nilikwenda hospitali nikaambiwa nianze polisi. Polisi aliyekuwa zamu akaniambia nisubiri afande wa dawati la jinsia, hakuja mpaka kesho yake. Nilianza dawa saa ya 60 na kitu, wakati hospitali nilifika saa ya 5.

Baadaye sana daktari mmoja mama mtu mzima aliniambia matibabu hayasubiri fomu, fomu inajazwa dawa ikiwa tayari tumboni. Anayesoma hapa na limemkuta la kubakwa, aanzie hospitali na asimame hapo hapo mpaka apewe kidonge cha kwanza. Nguo alizovaa asizifue.

NyotaYaMoro, inuka mdogo wangu. Nenda.

---

NyotaYaMoro (saa 11:10 jioni)

Nimepata. Nimepata jamani.

Nesi wa CTC ni mama mmoja mpole, aliponisikiliza hakuuliza kingine, akaandika "saa 39" kwenye faili. Wamenipima, hasi. Wakaniuliza kuhusu figo, kama kuna dawa nyingine natumia, kama nina manjano. Nikapewa kopo la TLD, nimemeza cha kwanza mbele yake saa 9:50 alasiri. Kwa hesabu yangu ni saa 40 na dakika ishirini. Sikulipa kitu.

Kopo lina vidonge 30, amesema nimeze 28, kimoja kila siku muda ule ule, nirudi baada ya wiki mbili.

Kitu kilichonishtua, TLD si ndiyo ARV wanazokunywa wenye VVU? Nakaa chumba na mwenzangu. Kopo likitikisika linalia. Akiliona ataamini nini?

---

TabibuWaZamu (saa 11:40 jioni)

Hongera. Ndiyo, ni zile zile, tenofovir, lamivudini na dolutegravir ndani ya kidonge kimoja. Tofauti ni kwamba mwenye virusi anazinywa maisha, wewe unazinywa siku 28 ili virusi, kama vipo, visipate pa kujenga.

Virusi vikiingia havisambai mwilini dakika hiyo hiyo. Hukaa kwanza pale kwenye ngozi laini, kisha seli za kinga zenyewe huvibeba bila kujua hadi kwenye mitoki ya nyonga. Safari hiyo ni siku mbili tatu. Vikishafika kwenye mitoki vikaanza kuzaliana na kujificha ndani ya seli, hakuna tena PEP, kuna matibabu ya maisha. Saa 72 zimetokea huko. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa nyani walioingiziwa virusi vya jamii hiyo kisha wakapewa tenofovir. Walioanza ndani ya saa 24 na kumaliza siku 28 walisalimika wote. Walioanza saa ya 48 au 72, baadhi waliambukizwa. Na walioanza mapema lakini wakapewa siku chache tu, nao baadhi waliambukizwa. Kwa hiyo kuna saa za kuanzia na kuna siku za kumalizia, na watu wengi wanazijua zile za kwanza tu.

Kuhusu kopo, wapo wanaohamishia vidonge kwenye chupa nyingine. Mimi ningekushauri uviache humo humo, lile kopo linavikinga na unyevu. Jaza pamba juu, halitalia.

MamaWawili, nilikupita mchana. Unakumbuka ilikuwa siku ya ngapi ya mzunguko?

---

MamaWawili (saa 1:15 usiku)

Kama ya 15 au 16 hivi. Mimi huwa naenda 28.

---

TabibuWaZamu (saa 1:30 usiku)

Basi huenda dawa haikuwa feki. P2 kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, au mwili umeshatoa amri ya kulitoa, P2 haina cha kuchelewesha. Haitoi mimba wala haizuii yai lililokwishakutana na mbegu. Siku ya 15 yai lako pengine lilikuwa limeshatoka. Ungeinywa dakika tano baada ya tendo, matokeo yangekuwa yale yale.

Ndiyo maana wanaosema "ndani ya saa 72 uko salama" wanawadanganya watu bila kukusudia. Zile saa zinaongelea uhai wa mbegu na wepesi wa kuwahi yai. Kipimo halisi ni yai liko wapi.

---

NyotaYaMoro (saa 1:34 usiku)

Kwa hiyo mimi siku ya 12, na nimeinywa siku ya 14. Nimewahi au sijawahi?

---

TabibuWaZamu (saa 1:41 usiku)

Sijui, na hakuna atakayekwambia kwa uhakika. Uko kwenye ukingo kabisa.

---

NesiUzazi (saa 2:10 usiku)

Samahani kuingilia. Mimi nipo kitengo cha uzazi wa mpango. Kwa nini hakuna aliyemtajia kitanzi? Kitanzi cha madini ya shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na hakijali yai limetoka au la, kwa sababu shaba inaziua mbegu zenyewe na kuzuia kurutubisha. Siku tano zake zinaisha Alhamisi saa 5:30 usiku. Yupo ndani ya muda.

---

TabibuWaZamu (saa 2:22 usiku)

Sikukitaja makusudi. Mwenzi hali yake haijulikani, kama ana kisonono au klamidia tunaweza kusukuma maambukizi hadi kwenye kizazi.

---

NesiUzazi (saa 2:35 usiku)

Ukiona usaha au uchafu usio wa kawaida au maumivu chini ya kitovu, sawa, huweki. Lakini kumnyima kwa sababu tu kondomu ilipasuka, hapana. Anakaguliwa, akiwa safi anawekewa, anaelezwa dalili za kurudi nazo. Tukifuata woga wako hakuna mwanamke atakayewekewa kitanzi cha dharura, maana wote wanakuja kwa sababu ile ile.

---

TabibuWaZamu (saa 2:44 usiku)

Mama, kwa mwenzi wa mwezi na nusu ambaye hajapima tangu Aprili mimi bado ningesita. Lakini aende akaguliwe, hilo nakubali.

---

MsafiriWaTunduma (Jumanne 18 Novemba, saa 3:05 asubuhi)

Wakuu na mimi nina swali la PEP. Mke wangu anatumia ARV mwaka wa sita, kipimo cha mwisho wakamwambia virusi havionekani. Mimi sina. Mimi ni dereva wa malori, nikirudi nyumbani mara nyingine hatutumii kondomu. Je, niwe naomba hiyo PEP kila nikirudi? Na mimba tunaitaka.

---

TabibuWaZamu (saa 4:20 asubuhi)

Shemeji, wewe swali lako ni jingine kabisa. Mke wako akiwa anameza dawa kila siku na virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hakuambukizi kwa kujamiiana. Huhitaji PEP, na mimba mnaweza kuitafuta. Hakikisha tu kipimo hicho kinarudiwa kwa ratiba yake ya CTC, na siku akiacha dawa akwambie.

Kama wasiwasi wako ni wa huko barabarani, dawa yako inaitwa PrEP. Inanywewa kabla. PEP si ya kurudiarudia, mtu akiihitaji mara ya pili au ya tatu kwa mwaka, tunamhamishia huko.

---

NyotaYaMoro (Jumatano 19 Novemba, saa 10:15 jioni)

Leo nilikwenda kwa ajili ya kitanzi. Nesi hakunikagua hata. Aliniuliza nimezaa mara ngapi, nikasema sijazaa, akasema kitanzi ni cha waliozaa, kitaniharibia kizazi. Nimerudi. Sina nguvu ya kubishana tena wiki hii.

---

NesiUzazi (saa 11:30 jioni)

Imeniuma. Kutozaa si sababu ya kunyimwa. Kuna maumivu zaidi kidogo wakati wa kuweka, basi. Una kesho nzima bado. Ukitaka, tafuta kliniki nyingine inayotoa uzazi wa mpango, waambie ni kitanzi cha dharura na kwamba siku ya tano inaisha kesho usiku.

---

NyotaYaMoro (saa 1:02 usiku)

Nitaacha dada. Nitasubiri hedhi. Asante kwa kunisemea.

---

KijanaWaKihonda (Alhamisi 20 Novemba, saa 5:18 asubuhi)

Nimekuwa nasoma kimya, nikubali pale juu nilikosea kuhusu nani anapewa. Lakini swali langu ni la dhati. Nimeona takwimu kwamba mwanamke akilala bila kinga na mwanaume mwenye VVU mara moja, uwezekano ni kama 8 kati ya 10,000. Sasa huyu hata hatujui kama jamaa anayo. Siku 28 za ARV, kichefuchefu, woga wa mwenzake chumbani, si tunaua mbu kwa rungu?

---

TabibuWaZamu (saa 6:40 mchana)

Namba hiyo ni sahihi na umeuliza vizuri. Ni wastani wa tendo la ukeni, mwanaume akiwa hajaanza dawa. Kwa tendo la nyuma anayepokea ni kama 138 kati ya 10,000, ndiyo maana huko hatujadiliani. Lakini wastani unaficha. Mwanaume aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi vingi mno kwenye damu na shahawa, na kipimo chake bado kinasoma hasi. Kukiwa na kidonda au magonjwa ya zinaa namba inapanda. Na binti alijichubua kwa limao.

Wapo wenzangu wazuri tu ambao wangempima jamaa kwanza na wakimkuta hana, na maelezo yake yanaeleweka, wangesimamisha dawa. Sina ugomvi nao. Ila kuanza kwanza na kusimamisha baadaye inawezekana. Kuchelewa kwanza na kuanza baadaye haiwezekani.

---

NyotaYaMoro (Jumamosi 22 Novemba, saa 3:40 asubuhi)

Kidonge cha sita leo. Tumbo linasokota, kichefuchefu asubuhi, na usiku naota ndoto za ajabu. Jamaa nimemwambia akapime, anasema nimemdharau. Hapokei simu sasa.

---

MamaWawili (saa 4:02 asubuhi)

Tumbo hilo tafuna magneziamu mbili ukishameza dawa zako, linatulia mara moja. Na kama umepungukiwa nguvu chukua vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu.

---

TabibuWaZamu (saa 4:09 asubuhi)

Hapana, hapana! MamaWawili najua unamtakia mema, lakini magneziamu ndiyo kitu cha kuogopa hapo. Dolutegravir ikikutana tumboni na magneziamu, aluminiamu, madini ya chuma au kalsiamu, vinagandana na dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Atakuwa anameza kila siku kwa uaminifu na hana kinga. Dawa za kiungulia za kutafuna na za maji ya maziwa nyingi zina hayo madini.

NyotaYaMoro, meza kidonge baada ya kula, kichefuchefu kitapungua, na mara nyingi wiki ya pili kinakwisha. Ndoto zikizidi, hamishia dawa asubuhi. Kiungulia kikikushinda, dawa yake inywe saa sita kabla ya TLD, au saa mbili baada yake. Umeshanywa magneziamu wiki hii?

---

NyotaYaMoro (saa 4:15 asubuhi)

Juzi nilitafuna moja mchana, TLD nameza saa 9:50 alasiri. Ilikuwa kama saa 6.

---

TabibuWaZamu (saa 4:21 asubuhi)

Saa nne kabla. Haijafika sita ila ni moja tu, siku moja. Endelea kama kawaida, usiongeze kidonge. Mwambie nesi wako utakaporudi, aandike.

---

MbebaMizigo (Jumatano 26 Novemba, saa 3:50 usiku)

Mimi niliacha siku ya 9. Ilikuwa Machi. Nilikwenda haraka, saa ya 7 tu nilikuwa nimeshameza, nikajiona shujaa. Kichwa kikauma wiki nzima, nikasema si nimewahi, inatosha. Nimesoma hapo juu habari ya wale nyani waliopewa siku chache na mkono umeniganda kwenye simu. Sijapima tangu siku ile.

---

DadaWaPwani (saa 4:11 usiku)

Kaka, Machi hadi leo ni miezi minane. Jibu lako lipo tayari na dakika ishirini zinatosha kulipata. Kama unaona aibu ya kituo, kuna kile cha kujipima mwenyewe kwa mate, sheria inaruhusu tangu 2019. Kikisoma chanya kinathibitishwa kituoni. Unaishi mkoa gani?

---

MbebaMizigo (saa 4:40 usiku)

Nitakuandikia pembeni.

---

NyotaYaMoro (Jumamosi 6 Desemba, saa 1:30 asubuhi)

Kidonge cha 20 leo. Hedhi ilitakiwa tarehe 2, haijaja. Wiki tatu kamili tangu siku ile. Nimepima mkojo wa asubuhi sasa hivi, mstari mmoja. Niuamini?

---

NesiUzazi (saa 2:45 asubuhi)

Wiki tatu tangu tendo, mkojo wa kwanza wa asubuhi, mstari mmoja. Uamini. P2 yenyewe inaweza kuisogeza hedhi siku kadhaa mbele, maana kama ilifanikiwa kuchelewesha yai, basi kila kitu kimesogea. Isipokuja ndani ya wiki, rudia kipimo. Na kumbuka yai lililocheleweshwa hutoka baadaye, P2 haikukulinda kwa siku zilizofuata. Natumaini hukukutana na mtu.

---

NyotaYaMoro (saa 2:50 asubuhi)

Sijakutana na mtu. Hata kushikwa mkono.

---

NyotaYaMoro (Jumatatu 8 Desemba, saa 12:20 asubuhi)

Imekuja. Nyingi na inauma na sijawahi kufurahia maumivu haya.

---

MamaWawili (saa 12:55 asubuhi)

Nimepiga kigelegele jikoni, mtoto akaniuliza kuna harusi gani.

---

NyotaYaMoro (Jumapili 14 Desemba, saa 10:05 jioni)

Kidonge cha 28 nimemeza. Vimebaki viwili kwenye kopo. Tabibu, nirudi lini kupima, na hivi viwili nivifanye nini?

---

TabibuWaZamu (saa 11:20 jioni)

Virudishe CTC, usivihifadhi kwa siku nyingine na usimpe mtu. Vidonge viwili havimkingi mtu, vinamdanganya tu.

Pima mwisho wa mwezi huu, wiki sita zitakuwa zimeshapita tangu tukio. Ile itakupa usingizi. Lakini ya kufungia faili ni miezi mitatu, tarehe 15 Februari au siku yoyote baada ya hapo. Hadi siku hiyo tumia kondomu na usitoe damu.

---

Mgeni_Singida (saa 2:18 usiku)

Samahani kuingia kwenye uzi wa mtu. Mimi ni Alhamisi usiku saa 2. Leo Jumapili saa 2 na robo. Nina hiyo nafasi?

---

TabibuWaZamu (saa 2:23 usiku)

Tangu Alhamisi saa 2 usiku ni saa 72 na robo. Sitaki kubishana na saa kwa dakika 15 kupitia simu, mwache aliye mbele yako aamue. Nenda dharura ya hospitali sasa hivi, usisubiri CTC ya kesho. Sema saa halisi, usipunguze. Wakikataa kukuanzishia, omba upimwe leo, kisha wiki ya sita, kisha mwezi wa tatu. Ukipata homa, koo kuuma au vipele ndani ya wiki nne, rudi ukaseme.

Kama wewe ni mwanamke, ya mimba bado haijafungwa, P2 inywe usiku huu ingawa nguvu yake imepungua, na kitanzi una hadi Jumanne saa 2 usiku.

Upo mjini au nje ya mji? Una usafiri?

---

Mgeni_Singida (saa 2:26 usiku)

Nipo mjini. Naita boda.